Kuandika Ombi la Msaada wa Zahanati: Anzeni na Rafu ya Dawa

Katika somo hili tutajifunza jinsi ushirika wenye zahanati ndogo unavyoweza kuandika ombi la msaada kwa mfadhili wa kanisa ng'ambo. Vikundi vingi vimetuuliza jambo hili. Hatutawapa barua ya kunakili, kwa maana barua ya kunakiliwa hutambulikana mara moja. Tutafuata ushirika mmoja hatua kwa hatua. Hatuutaji kwa jina, na tarakimu zake tumezifanya nzima nzima ili hesabu ifuatike kwa urahisi hata bila kikokotoo.

Barua ya kwanza

Zahanati hiyo ina vyumba vitatu, muuguzi mmoja, msaidizi mmoja na mlinzi wa usiku. Kituo kingine cha afya kiko umbali wa kilomita 17. Kamati ilikaa, ikaandika ombi la kurasa kumi na moja. Iliomba gari la wagonjwa, wodi ya akina mama, jenereta, na nyumba ya muuguzi. Kurasa tisa zilieleza umaskini wa eneo na ukame. Bajeti ilikuwa nusu ukurasa, na mwisho wake ilisema: "Baada ya msaada, mradi utajitegemea."

Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Afisa wa miradi aliwashukuru, kisha akauliza maswali mawili tu. Je, mwaka jana mliwatibu wagonjwa wangapi kila mwezi? Na je, msaada ukiisha, mshahara wa muuguzi utalipwa na nani, kutoka pesa gani?

Kamati ilikasirika kidogo. Mwenyekiti alisema watu wa ng'ambo hawajui shida. Lakini katika mkutano huo alikuwapo nyanya mmoja wa kikundi cha akina mama, akaomba kusema.

"Mwenyekiti mwanangu, mwezi uliopita nilimleta mjukuu wangu hapa tarehe 24. Alikuwa anahema mbio mbio. Mlango ulikuwa wazi, muuguzi alikuwapo, akampima, akaniambia ni nimonia. Lakini dawa ilikuwa imeisha. Nilikopa nauli ya pikipiki kwenda kilomita 17. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Sasa niambie, hilo gari mnaloliomba lingenipeleka wapi? Mimi nilikuwa nimeshafika."

Watu walinyamaza. Hapo ndipo kazi ya kuandika ombi ilipoanza kweli kweli. Shida ya zahanati ile haikuwa ukosefu wa gari. Shida ilikuwa rafu tupu. Na kabla ya kuomba dawa, ilibidi wajue kwa nini rafu ilikuwa tupu.

Hatua ya kwanza: Fungueni madaftari

Kamati ilichagua watu watatu: muuguzi, mweka hazina, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayependa hesabu. Walichukua daftari la wagonjwa, kitabu cha pesa, na kadi za rafu, yaani zile kadi zinazoandikwa dawa iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki. Walikaa Jumamosi mbili.

Daftari la wagonjwa lilionyesha wagonjwa 4,320 kwa mwaka mzima, yaani wastani wa 360 kwa mwezi. Lakini wastani huficha mambo. Mwalimu alipopanga miezi kando kando na kadi za rafu, aliona kitu. Katika miezi minne dawa za lazima hazikuisha hata siku moja, kwa sababu zawadi ya mavuno au harambee ilikuwa imejaza rafu. Miezi hiyo walifika wagonjwa 480 kila mwezi. Katika miezi minane iliyobaki dawa ziliisha kati ya tarehe 15 na 25, na wagonjwa walikuwa 300 tu.

Hapa mwalimu alisita. Je, si kwa sababu miezi ile minne ilikuwa ya mvua, wakati malaria na kikohozi huwa vingi? Swali hilo ni zuri sana, na mfadhili mzoefu ataliuliza. Walitazama tena. Miezi miwili kati ya hiyo minne ilikuwa ya kiangazi. Tena, ndani ya mwezi mmoja ule ule, wagonjwa walikuwa wengi wiki mbili za kwanza, kisha walipungua mara dawa ilipoisha. Basi jambo lilikuwa wazi: watu hufuata dawa. Rafu ikiwa tupu, habari hufika sokoni siku hiyo hiyo, na watu hukaa nyumbani au huenda dukani kununua vidonge viwili viwili.

Kisha walifungua kitabu cha pesa. Gharama ya kuendesha zahanati kwa mwezi, bila dawa, ilikuwa hivi:

Muuguzi, pamoja na malipo ya mwajiri yanayotakiwa na sheria: sh. 34,000
Msaidizi na mlinzi: sh. 20,000
Glovu, sabuni, umeme, kuchoma taka na leseni: sh. 8,000
Jumla: sh. 62,000

Mapato yasiyo ya dawa yalikuwa haya. Kila mgonjwa hulipa sh. 100 za kuonwa. Lakini kati ya wagonjwa 100, kumi hawalipi: sita wamesamehewa na kamati kwa sababu hawana kitu, na wanne huahidi kulipa lakini hawarudi. Basi wagonjwa 360 huleta sh. 32,400. Ushirika hutoa sh. 12,000 kutoka sadaka. Jumla ni sh. 44,400.

Toeni 44,400 katika 62,000. Pengo ni sh. 17,600 kila mwezi.

Pesa hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika sanduku la dawa, maana hakukuwa na mahali pengine. Hakuna mtu aliyeiba hata shilingi. Mishahara ilikuwa inakula dawa. Na dawa zikiisha wagonjwa hupungua, wagonjwa wakipungua ada ya kuonwa hupungua, na mwezi unaofuata pengo huwa kubwa zaidi. Hilo ni gurudumu linaloteremka mlima.

Sasa basi, tazameni tofauti. Barua ya kwanza ilisema "watu wetu ni maskini." Barua ya pili iliweza kusema: "Dawa huisha kabla ya mwezi kuisha katika miezi minane ya mwaka, kwa sababu sh. 17,600 za dawa hulipa mishahara kila mwezi. Dawa zikikosekana tunapoteza wagonjwa 180 kwa mwezi." Sentensi mbili hizi ni nzito kuliko kurasa tisa, kwa maana zinaonyesha shida na chanzo chake, na mtu anaweza kufungua daftari akazihakiki.

Hatua ya pili: Ombeni kitu mtakachoweza kukibeba

Kamati iliacha gari. Gari lina dereva, mafuta, bima na matairi, na hakuna aliyejua pesa hizo zingetoka wapi. Iliamua kuomba mambo mawili: dawa za kuanzisha mfuko unaozunguka, na msaada wa kuziba pengo la mishahara kwa miaka miwili, unaopungua mwaka hadi mwaka.

Mfuko unaozunguka maana yake ni hii. Mfadhili ananunua dawa mara moja. Mgonjwa analipa dawa, pesa inaingia katika akaunti ya dawa peke yake, na pesa hiyo inanunua dawa nyingine. Vikundi vyenu vinavijua vyama vya merry-go-round, na wazo ni lile lile. Lakini mifuko mingi ya namna hii hufa, na sababu mara nyingi ni bei.

Tuseme dawa za mgonjwa mmoja huigharimu zahanati sh. 100 kwa wastani. Watu wengi wa kanisa watasema: "Tuuze kwa sh. 100 hizo hizo, sisi si wafanyabiashara." Maneno hayo ni ya huruma, lakini hebu tuhesabu kwa wagonjwa 100.

Dawa zimegharimu sh. 10,000. Kuzisafirisha ni sh. 600. Dawa zilizovunjika au kupita tarehe ni sh. 400. Safari ijayo bei itakuwa imepanda kidogo, tuweke sh. 200. Basi ili kurudisha rafu kama ilivyokuwa mnahitaji sh. 11,200. Lakini wanaolipa ni 90, siyo 100. Mkiuza kwa sh. 100 mtapata sh. 9,000. Pesa hiyo itanunua kama sehemu nne tu kati ya tano za dawa mlizokuwa nazo. Mzunguko wa pili mtapoteza tena sehemu moja ya tano, na wa tatu vivyo hivyo. Baada ya kununua mara tatu rafu itakuwa imebaki karibu nusu, na hakuna aliyeiba.

Gawanyeni 11,200 kwa 90. Mtapata kama sh. 124 na senti kidogo. Kwa hiyo bei ya sh. 125 hurudisha sh. 11,250, na rafu hubaki imejaa. Zile shilingi 25 za juu si faida. Ndizo zinazomlipia yule asiye na kitu, ndizo nauli ya dawa, ndizo kinga ya bei. Andikeni hesabu hii katika ombi lenu. Afisa wa miradi akiiona, atajua kwamba mmeelewa kwa nini mifuko mingine ilikufa.

Ni dawa kiasi gani za kuanzia? Kamati ilitazamia wagonjwa 400 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Huagiza kila baada ya miezi mitatu, na huongeza mwezi mmoja wa akiba, kwa maana barabara huharibika wakati wa mvua. Basi ni miezi minne, wagonjwa 400, sh. 100 kila mmoja: sh. 160,000.

Dawa zinunuliwe hapa Kenya. Makanisa yetu yana MEDS, iliyoanzishwa mwaka 1986 kwa kazi hii ya kuzipatia zahanati na hospitali za kanisa dawa zilizopimwa ubora. Msimwombe mfadhili afungashe dawa kutoka kwao. Sanduku la dawa za msaada laweza kukwama bandarini, likafika na maandishi ya lugha msiyoisoma, au likawa na tarehe iliyokaribia kwisha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya dawa za msaada mwaka 1996 kwa sababu ya matatizo kama haya. Ombeni pesa, pelekeni orodha ya dawa na bei ya msambazaji.

Hatua ya tatu: Onyesheni mwaka wa tatu

Sasa tujibu swali la pili la afisa: msaada ukiisha, nani atalipa? Jibu halitoki moyoni, linatoka katika karatasi ya hesabu. Kamati iliandika miaka mitatu, kwa mwezi mmoja mmoja, na gharama ikiwa sh. 62,000.

Mwaka wa kwanza: wagonjwa 400 huleta sh. 36,000 za kuonwa. Sadaka ni sh. 12,000. Jumla 48,000. Pengo sh. 14,000, mfadhili anaziba.

Mwaka wa pili: wagonjwa 440 huleta sh. 39,600. Sadaka 12,000. Vikundi 8 vya kujisaidia vinatoa sh. 500 kila kimoja, ni 4,000. Jumla 55,600. Pengo sh. 6,400, mfadhili anaziba.

Mwaka wa tatu: wagonjwa 480 huleta sh. 43,200. Sadaka 12,000. Vikundi 14 hutoa sh. 7,000. Jumla 62,200. Mfadhili hatoi kitu, na zahanati inabaki na sh. 200 mkononi.

Angalieni kwamba hawakusema watafikia wagonjwa 700. Walisimama kwenye 480, kwa sababu idadi hiyo imeshaonekana katika daftari lao wakati rafu ilipojaa. Makisio yasiyo na daftari nyuma yake ni ndoto tu.

Na vile vikundi 14? Hapa ndipo maneno matamu huleta aibu baadaye. Kamati haikuandika vikundi 14 mpaka ilipovitembelea. Vikundi tisa viliandika katika kumbukumbu za mikutano yao kwamba vitatoa sh. 500 kuanzia mwaka wa pili. Kimoja zaidi ya wanane waliohitajika kilikuwa akiba. Vitano vilisema vitaamua baada ya kuona mwaka mmoja. Kamati iliyaandika hayo yote kama yalivyo, na ikaambatisha nakala za kumbukumbu. Msione haya kuandika "bado hawajaamua." Afisa wa miradi huamini karatasi iliyo na shaka ndani yake kuliko karatasi iliyo na hakika tupu.

Katika mfano huu tuliacha nyongeza ya mshahara ili hesabu iwe nyepesi. Ninyi msiache. Muuguzi akikaa miaka mitatu bila nyongeza ataondoka, na zahanati isiyo na muuguzi hufungwa. Wekeni nyongeza mnayoweza, halafu hesabuni tena.

Jambo jingine la siku hizi ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Zahanati ya mfano wetu ilikuwa haijapata mkataba. Kama yenu ina mkataba, wagonjwa waliosajiliwa hulipiwa kwa njia hiyo, na hamwezi kuwahesabu tena katika ada ya kuonwa na bei ya dawa. Mgonjwa mmoja asiingie katika hesabu mara mbili. Tena, andikeni ni siku ngapi hupita kati ya kudai na pesa kuingia benki, maana dawa za siku hizo zinanunuliwa kwa pesa iliyopo, siyo kwa madai.

Hatua ya nne: Bajeti ya watoaji watatu

Makosa ya kawaida ni kuandika bajeti yenye safu moja tu, ya mfadhili. Kamati iliandika safu tatu kwa miaka miwili ya msaada.

Mfadhili: dawa za kuanzia sh. 160,000; rafu, kabati la kufungwa kwa kufuli na kipimajoto cha chumba cha dawa sh. 45,000, mafunzo ya kadi za rafu na hesabu sh. 25,000, ukaguzi wa hesabu mara mbili sh. 60,000, pengo la mwaka wa kwanza sh. 168,000; pengo la mwaka wa pili sh. 76,800. Jumla sh. 534,800.

Ushirika na vikundi: sadaka ya miezi 24 sh. 288,000, michango ya vikundi mwaka wa pili sh. 48,000, mawe na mchanga wa kukarabati chumba cha dawa sh. 18,000, kazi ya mikono, watu 20 kwa siku 5, kila siku sh. 600, ni sh. 60,000. Jumla sh. 414,000.

Wagonjwa, kwa ada ya kuonwa miaka miwili: sh. 907,200.

Mradi wote: sh. 1,856,000. Mfadhili akiusoma anaona kwamba anaombwa chini ya theluthi moja. Kazi ya mikono ihesabiwe kwa malipo ya kibarua ya kijijini kwenu, siyo zaidi, na siku ya kazi yenyewe watu watie sahihi katika orodha. Mkaguzi ataiomba.

Pia bajeti iandikwe kwa shilingi, na chini yake muonyeshe kiwango cha kubadilisha fedha mlichotumia na tarehe yake. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilikuwa karibu sh. 160. Miezi michache baadaye ikawa karibu sh. 130. Tuseme ushirika wetu uliomba sh. 534,800 wakati wa 160, ukaahidiwa dola 3,342. Pesa ikifika wakati wa 130, ni kama sh. 434,500. Shilingi laki moja imetoweka, na hakuna wa kulaumiwa. Basi mwandike mapema: "Kiwango kikibadilika, tutaanza na dawa na pengo la mishahara, kabati na mafunzo yatangoja." Na kikibadilika kwa faida yenu, semeni, msinyamaze.

Karatasi za kuambatisha

Wafadhili wa makanisa huwa hawapeleki pesa kwa kikundi kisichojulikana na kanisa lake. Kwa hiyo ombi lipitie kwa mchungaji au paroko hadi dayosisi, na barua ya askofu au ya idara ya afya ya kanisa iwe juu. Ambatisheni leseni ya zahanati kutoka KMPDC, leseni ya muuguzi ambayo muda wake haujaisha, barua inayoonyesha ardhi ni ya nani, na barua ya ofisi ya afya ya kaunti, kwa maana tangu 2013 zahanati ziko chini ya mpango wa kaunti. Ofisi hiyo itajua kama serikali inajenga kituo kingine kilomita mbili kutoka kwenu. Afadhali mlijue hilo ninyi kwanza.

Fungueni akaunti mbili, moja ya kuendesha zahanati na moja ya dawa. Watia sahihi wawe watatu, na wawili watie sahihi kila hundi. Mume na mke wasiwe pamoja katika orodha hiyo, wala ndugu wa damu. Muuguzi asitie sahihi katika akaunti ya dawa, kwa kuwa yeye ndiye anayezitoa dawa. Hatumshuku, bali tunamlinda. Siku pesa ikipungua, hakuna atakayemnyooshea kidole.

Ombi lenyewe likae kurasa nne au tano: sisi ni nani, shida na chanzo chake, tutafanya nini, bajeti, miaka mitatu, na jinsi tutakavyopima. Karatasi nyingine zote ziwe viambatisho. Msiandike jina la mgonjwa yeyote, wala msitume picha ya mtoto mgonjwa. Yule nyanya alikubali habari yake isimuliwe, bila jina.

Jinsi ya kujua kama mfuko uko hai

Mfadhili atauliza: tutajuaje kama mradi unafanikiwa? Kuna kipimo kimoja ambacho hata kikundi kisicho na mhasibu kinaweza kukitumia. Kila mwisho wa miezi mitatu hesabuni vitu vinne: dawa zilizo kwenye rafu kwa bei ya kununulia, pesa ya dawa iliyo benki, pesa ya dawa iliyo mkononi, na madeni ya karibuni. Mkivijumlisha, visiwe chini ya zile sh. 160,000 mlizoanza nazo.

Ushirika wetu ulifanya hivyo mara ya kwanza ukapata: rafu sh. 98,000, benki sh. 47,500, mkononi sh. 3,500, madeni sh. 9,000. Jumla sh. 158,000. Zimepungua sh. 2,000. Kamati ilitafuta, ikakuta makopo ya dawa ya maji yaliyopita tarehe kwa sababu mapya yaliwekwa mbele ya ya zamani. Tangu siku hiyo dawa itakayokwisha tarehe mapema huwekwa mbele. Lakini angalieni tena: sh. 9,000 ni madeni. Deni lililopita miezi mitatu lisihesabiwe, maana hiyo si pesa tena.

Mambo ya namna hii yaandikwe katika ripoti, pamoja na sh. 2,000 zilizopungua na sababu yake. Na kama mfuko umepungua kwa sababu kamati "ilikopa" kulipa mshahara, andikeni hilo pia, upesi, kabla ya mkaguzi kuja. Hiyo ndiyo dalili ya ugonjwa wa zamani kurudi: mishahara imeanza kula dawa tena.

Ombi la pili lilijibiwa kwa maswali zaidi, na maswali yale yalikuwa ya mtu aliyesoma: bei ya dawa tatu, jina la kazi la watia sahihi, na tarehe ya vile vikundi vitano kuamua. Kamati ilijibu yote kutoka madaftarini katika muda wa wiki moja. Msaada ulikubaliwa, ila ukaguzi ulipunguzwa uwe mmoja wa mwisho, na dayosisi ikatoa mhasibu wake kwa ule wa kwanza.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika mwaka uliopita, dawa ziliisha siku ngapi katika zahanati iliyo karibu nanyi? Ni kadi gani inaonyesha hivyo?

2. Chukueni gharama ya mwezi mmoja, mtoe ada ya kuonwa na sadaka. Pengo ni kiasi gani, na kwa sasa linazibwa na pesa gani?

3. Kati ya wagonjwa 100, wangapi hawalipi? Je, bei ya dawa imewahesabu?

4. Kikundi chenu kiko tayari kutoa kiasi gani kila mwezi wakati mfadhili ameondoka? Andikeni jibu katika kumbukumbu, hata kama jibu ni "bado."